Injini ya ioni na tanga la jua: kwa nini msukumo mdogo unafika pale roketi kubwa inaposhindwa

Ukimwambia mtu kwamba kuna injini ya chombo cha anga ambayo ikiwashwa mpaka mwisho inasukuma kwa niutoni 0.09 tu, yaani kama uzito wa karatasi mbili za A4 zikiwa zimelala kwenye kiganja, wengi wanadhani umekosea desimali. Hujakosea. Hiyo ndo injini ya Dawn, chombo cha NASA kilichorushwa Septemba 2007, kikafika Vesta, asteroidi kubwa kati ya Mirihi na Mshtarii, mwaka 2011, kikaizunguka zaidi ya mwaka, halafu kikajitoa hapo na kwenda kuizunguka Ceres, sayari kibete ya eneo hilohilo, kuanzia Machi 2015. Kilikuwa chombo cha kwanza kuzunguka magimba mawili tofauti nje ya Dunia na Mwezi wake, na kwa roketi ya kawaida safari hiyo isingewezekana kwa chombo cha ukubwa ule. Nitaeleza kwa nini.

Chombo kikiwa angani hakina barabara wala hewa ya kusukumia, kwahiyo kwa injini njia pekee ya kubadilisha spidi ni kutupa kitu nyuma ili chenyewe kiende mbele. Kinachoamua utaongeza spidi kiasi gani kwa mafuta uliyonayo ni kasi ya hicho unachokitupa. Ukikitupa taratibu unahitaji kingi, ukikitupa kwa kasi sana kidogo tu kinatosha. Roketi ya kemikali inachoma mafuta na kioksidishaji, gesi ya moto inatoka kwenye nozeli, na kasi yake kwa mafuta yanayoweza kukaa angani miaka mingi bila kuganda wala kuvuja ni kama kilomita 3 kwa sekunde. Hata haidrojeni na oksijeni za kimiminika, ambazo ndo bora kwa roketi kubwa, zinafika kama kilomita 4.5 tu. Huwezi kuisukuma zaidi ya hapo kwa kubuni injini kali zaidi kwa sababu nishati yote inatoka ndani ya mafuta yenyewe, kilo moja ina kiasi chake cha nishati, ikiisha imeisha.

Sasa tupige hesabu ya Dawn. Kwa jumla injini zake zilibadilisha spidi yake kwa zaidi ya kilomita 11 kwa sekunde, huo ndo mzigo wa safari nzima ukiacha kazi iliyofanywa na roketi iliyokitoa Duniani. Chombo bila mafuta ya injini yake kilikuwa na kama kilo 790. Kanuni ni hii:

```
m0 = m1 × e^(dv / ve)
```

m0 ni uzito wa mwanzo, m1 uzito wa mwisho, dv ni badiliko la spidi unalotaka, ve ni kasi ya unachokitupa na e ni namba isiyobadilika, kama 2.718. Weka dv 11.5 na ve 3.1, unapata kizidisho cha kama 41, kwahiyo zile kilo 790 zinataka mzigo wa kuanzia wa zaidi ya tani 32, karibu wote mafuta, na hapo hata hujahesabu matangi ya kuyabebea ambayo nayo yana uzito na yanataka mafuta yake. Dawn kilibeba kilo 425 za gesi ya zenoni, basi. Kwa sababu zenoni yake ilitoka kwa kasi ya kama kilomita 30 kwa sekunde, mara kumi ya gesi ya kemikali.

Inafikaje kasi hiyo? Ndani ya chumba cha injini elektroni zinagonga atomu za zenoni na kuzing'oa elektroni, atomu inabaki na chaji chanya, ndo inaitwa ioni. Mwisho wa chumba kuna nyavu mbili nyembamba za chuma zilizotobolewa matundu maelfu, zimekaa karibu sana lakini hazigusani, na kati yake kuna volti zaidi ya elfu moja. Ioni ikifika kwenye tundu inavutwa na umeme na kuchomoka. Nje kuna kifaa kingine kinachomwaga elektroni kwenye huo mwale, kwa sababu ukitoa chaji chanya tu chombo kitabaki na chaji hasi na kitaanza kuzivuta ioni zirudi.

Hapa ndo penye kiini cha mambo yote na watu wengi wanapita bila kupaona. Kwenye injini ya ioni nishati haitoki kwenye zenoni, inatoka kwenye paneli za sola, kwahiyo kikomo cha kemikali kimeondoka lakini umepata kikomo kingine, kwamba wati zako ni chache. Na uhusiano wake ni huu:

```
F = 2P / v
```

F ni msukumo, P ni nguvu inayoingia kwenye mwale na v ni kasi yake. Angalia v iko chini. Kwa wati zilezile, ukiongeza kasi ya kutupa mara mbili msukumo unashuka nusu. Kwa hiyo udhaifu wa injini ya ioni sio kwamba mafundi hawajajitahidi, ni bei unayolipa ili utumie gesi kidogo. Injini ya Dawn ilikula kama kilowati 2.5, zaidi ya nusu ndo iliingia kwenye mwale, zidisha hiyo kwa mbili, gawa kwa kilomita 30 kwa sekunde na unapata ile 0.09. Na ukitaka mwale wa kasi ileile ubebe uzito wa Dawn uwanjani, uinyanyue kutoka ardhini, unahitaji kama megawati 180 kwenye mwale. Paneli zake zilitoa kama kilowati 10 tu zikiwa jirani na Dunia. Ndo maana kutoka ardhini hakuna wa kuipokonya roketi ya kemikali kazi yake, hata Dawn chenyewe kilipandishwa na roketi ya Delta II.

Kinachookoa injini ya ioni ni muda. Niutoni 0.09 kwenye chombo cha kilo 1,200 inaongeza kama mita 6 na nusu kwa sekunde kwa siku nzima, maana yake kutoka kusimama mpaka kama kilomita 93 kwa saa ni siku 4. Ila injini haizimwi. Ya kemikali inawaka dakika halafu chombo kinaelea miezi au miaka, ya Dawn ilisukuma kwa jumla ya karibu miaka 6.

Sasa hii inabadilisha safari yenyewe sio injini tu. Chukua Cassini, chombo cha kemikali kilichofika Zohali mwaka 2004: kiliwasha injini yake kama dakika 96, kikapunguza spidi kwa mita zaidi ya 600 kwa sekunde, kikakamatwa na mvutano. Dakika zile zingeshindikana kingepita moja kwa moja. Dawn kupunguza kiasi hicho kingehitaji zaidi ya miezi 3, kwahiyo hakiwezi kuja kwa kasi na kufunga breki mlangoni, lazima kianze kulingana na njia ya Vesta mapema sana, kikifika pale tofauti ya spidi ni ndogo mno na kinajizungusha polepole kuingia ndani kidogo kidogo. Faida yake ni kwamba hakuna ile dakika moja ya kufa na kupona. Hasara yake ni kwamba siku za kusukuma zikipotea lazima uzilipe. Septemba 2014, kikiwa njiani kwenda Ceres, mnururisho ulivuruga vifaa vya Dawn na injini ikazima siku kadhaa, na wahandisi ikabidi wachore upya njia ya kukaribia, kwa sababu msukumo uliokosa leo huwezi kuufidia kwa kukanyaga zaidi kesho, injini tayari iko mwisho.

Nyavu nazo zina ugonjwa wake. Deep Space 1, chombo kilichotangulia kutumia injini ya aina hiyo kwa safari ya mbali, Novemba 1998 injini yake iliwaka dakika nne na nusu ikazima, na kila wakijaribu inakataa. Dalili zilielekeza kwenye kipande kidogo cha uchafu kilichonasa kati ya nyavu mbili na kupitisha umeme. Wakakigeuzageuza chombo juani na kivulini ili nyavu zipanuke na kunywea, na wiki mbili baadaye ikawaka, ikaja kufanya kazi zaidi ya saa elfu 16. Mbali na hapo nyavu zinaliwa polepole na ioni zinazopoteza mwelekeo, na ndo maana Dawn kilibeba injini tatu na kutumia moja moja.

Tanga la jua ni ile F = 2P / v ikipelekwa mpaka mwisho kabisa. Hapa hutupi gesi yoyote, unaakisi mwanga wa jua, na mwanga una msukumo japo hauna uzito. v sasa ni kasi ya mwanga yenyewe, kilomita 300,000 kwa sekunde, kwahiyo msukumo kwa kila wati ndo mdogo kuliko wote. IKAROS cha Japani, kilichorushwa Mei 2010, kilifungua tanga la mita 14 kwa 14 la plastiki yenye unene wa maikromita 7.5. Karibu na Dunia eneo hilo linapigwa na mwanga wa kama kilowati 267, mara mia na zaidi ya umeme aliokula Dawn, na msukumo uliopimwa ulikuwa niutoni 0.0011 tu. Kwa chombo cha kilo kama 310 ni sentimita 30 kwa sekunde kwa siku. Lakini hizo kilowati ni za bure, hakuna tangi la kuisha.

Na tanga halikusukumi tu mbali na jua kama wengi wanavyofikiri. Ukiliinamisha mwanga unarudi kwa pembe, sehemu ya msukumo inaelekea mbele au nyuma kwenye njia yako, ukielekeza nyuma unapoteza spidi na unazunguka ukishuka kuelekea jua. IKAROS kilipita Zuhura Desemba 2010. Ila karibu na Dunia hewa ya juu, hata ikiwa nyembamba sana, inashindana na mwanga na mara nyingi inashinda: LightSail 2 ya kilo 5 na tanga la mita za mraba 32, ikiwa juu kama kilomita 720, iliweza kupandisha upande mmoja wa njia yake huku upande mwingine unashuka, na Novemba 2022 ikaungua angani.

Injini ya ioni na tanga, vyote viwili vinaanza kuishiwa ukienda mbali na jua. Ceres iko karibu mara 3 ya umbali wetu na mwanga pale ni kama moja ya nane, kwahiyo Dawn ilibidi kipunguze injini yake sana, na tanga pale lingebaki na msukumo wa moja ya nane vilevile. Kwa wanaotaka kwenda Zohali na zaidi kwa ioni, swali la kwanza sio injini, ni umeme utatoka wapi.