Vitenge vya Kariakoo: dhana potofu kuhusu wauzaji wa jumla na oda za majaribio

Mfanyabiashara wa Morogoro, Dodoma au Singida anayetaka kuuza vitenge huanzia Kariakoo, Dar es Salaam, na mara nyingi hupelekwa Mtaa wa Uhuru na mitaa inayoukata, ambako kanga na vitenge huuzwa kwa wingi na ambako hukutana na wanunuzi kutoka Zambia, Malawi, Kongo na Komoro. Ushauri anaopewa kabla ya safari huwa mwingi, lakini sehemu yake kubwa ni dhana ambazo hazijawahi kupimwa kwa hesabu.

Dhana: Anayekupa bei katikati ya mzigo mkubwa ndiye muuzaji wa jumla.

Kariakoo bidhaa hupita mikono kadhaa kabla ya kumfikia mwenye duka la mkoani. Yupo mwagizaji, ambaye huleta kontena na kuweka mzigo stoo. Yupo muuzaji wa jumla anayechukua marobota kutoka kwa mwagizaji. Na yupo winga, ambaye hana mzigo wake mwenyewe bali humpokea mteja barabarani au mtandaoni, humtajia bei, kisha hukimbia kuchukua bidhaa katika duka la mtu mwingine na kubaki na tofauti. Winga si tapeli kwa kuwa winga tu. Kwa mgeni asiyejua chochoro za soko anaweza kuokoa nusu siku. Tatizo ni kwamba kitenge kikichuja rangi wiki mbili baadaye, yeye hana duka la kurudiwa, na duka alikochukua mzigo halikujui.

Namna ya kumtambua muuzaji halisi ni kuuliza maswali ambayo asiye na mzigo hawezi kuyajibu papo hapo. Uliza bei ya jumla inaanzia pisi ngapi, inashuka tena zikifika ngapi, na kama ua hilo hilo lina rangi nyingine stoo. Mwenye mzigo hujibu akiwa amekaa, na mara nyingi hutaja ngazi mbili au tatu za bei bila kufikiri sana. Anayesema "subiri kidogo nakuletea" kila unapoomba kuona rangi ya pili anachukua kwingine. Ishara nyingine ni kurudi siku ya pili bila taarifa: duka la jumla huonekana likifungua marobota na kufunga mizigo ya wateja wa mikoani, ilhali duka la rejareja linalojiita la jumla huonekana likiuza pisi moja moja kwa wapita njia.

Risiti nayo husaidia, mradi ujue mipaka yake. Risiti ya mashine ya EFD huonyesha jina la biashara na namba ya mlipakodi, na msimbo wake unaweza kuhakikiwa kwenye tovuti ya TRA, verify.tra.go.tz. Linganisha jina hilo na jina linalojitokeza kwenye simu unapolipa kwa lipa namba. Yakitofautiana, uliza sababu kabla ya kuthibitisha malipo, kwa maana fedha zilizokwenda kwenye namba binafsi ya mtu usiyemjua ni ngumu kuzidai dukani. Risiti haithibitishi kwamba kitenge ni kizuri wala kwamba muuzaji ni mwaminifu. Inathibitisha kwamba biashara imesajiliwa na kwamba mauzo yale yalifanyika, na wakaguzi wa kodi wakisimamisha mzigo njiani, ndiyo inayokulinda.

Dhana: Oda ndogo ni kupoteza nauli, na muuzaji wa jumla hataikubali.

Sehemu ya pili ya dhana hii hujibiwa haraka: maduka mengi huanza kutoa bei ya jumla kwa pisi sita au dazani moja, na mengine hukubali kuchanganya maua. Asiyekubali chini ya robota zima huenda ni mwagizaji wa kweli, lakini si mtu wa kuanza naye.

Sehemu ya kwanza inahitaji hesabu. Tuchukulie mama mwenye duka la nguo Morogoro ana mtaji wa shilingi 2,000,000. Amepata maduka mawili: la kwanza linauza pisi ya yadi sita kwa shilingi 18,000, la pili kwa 16,500, na vitenge vyao ukivitazama kwa macho vinafanana. Badala ya kukimbilia bei ya chini na mtaji wote, ananunua pisi nane kila duka. Anatumia 144,000 kwa la kwanza na 132,000 kwa la pili, jumla 276,000, yaani chini ya asilimia 15 ya mtaji. Nauli, chakula na mbebaji vinamgharimu 40,000, ambazo zikigawanywa kwa pisi 16 ni 2,500 kila moja.

Akifika nyumbani hapangi vitenge dukani mara moja. Kwanza anavipima kwa utepe. Yadi sita ni takribani meta 5.49, na hapa ndipo wanunuzi wengi hupunjwa bila kujua, kwa kuwa pisi yenye meta tano ikikunjwa vizuri haitofautiani na ile kamili, lakini fundi anayeshona gauni na kilemba ataona upungufu wa karibu nusu meta. Pili, anachomoa nyuzi chache kwenye ukingo wa kila aina na kuzichoma. Uzi wa pamba huungua ukinuka kama karatasi na kuacha majivu laini, ilhali wa poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kitenge cha poliesta kina wateja wake, lakini kikinunuliwa kwa bei ya pamba, hasara ni ya mwenye duka. Tatu, anakata kipande kidogo kutoka pisi moja ya kila duka, anakipima, anakiloweka kwenye maji ya sabuni pamoja na kitambaa cheupe kwa nusu saa, anakianika, kisha anakipima tena. Kitambaa cheupe kikipata rangi, kitenge kinachuja. Kipande kikipungua, kinasinyaa.

Tuseme pisi zote nane za duka la kwanza zimekuwa sawa, na akaziuza 25,000 kila moja: anapata 200,000, na baada ya kutoa gharama ya 164,000, sehemu ya safari ikiwemo, faida ni 36,000. Katika duka la pili, mbili zilikuwa pungufu na akaziuza 20,000 kila moja, moja ilikuwa na doa la uchapishaji ikaenda kwa 12,000, na tano zilizobaki zikauzwa 25,000. Mauzo ni 177,000, gharama 152,000, faida 25,000. Duka lililokuwa ghali kwa shilingi 1,500 kwa kila pisi ndilo lililomwachia zaidi, na bado hatujahesabu mteja aliyerudisha kitenge na kwenda kununua kwingine.

Ni kweli kwamba safari ilikula sehemu kubwa ya oda hii. Kwa pisi 100 nauli ile ile ingekuwa shilingi 400 tu kwa kila pisi. Kwa hiyo katika oda ya majaribio inafaa kuandika gharama ya safari katika mstari wake peke yake, ili faida ndogo ya mara ya kwanza isimkatishe mtu tamaa na bidhaa ambayo kwa wingi ingelipa. Wapo pia wanaofanya kosa la kinyume, kusahau safari kabisa na kudhani faida ni tofauti ya bei mbili.

Dhana: Sampuli ikiwa nzuri, mzigo wote utakuwa mzuri.

Hii, kwa maoni yangu, ndiyo inayowaumiza wengi kuliko zote, kwa sababu humpata hata mtu makini aliyefanya majaribio. Pisi nane zisizo na kasoro zinaeleza machache kuliko zinavyoonekana. Ikiwa katika mzigo wa muuzaji pisi moja kati ya kumi ina kasoro, bado ipo nafasi ya zaidi ya 4 kati ya 10 kwamba nane ulizochukua zitatoka salama zote. Ukichukua nane nyingine kutoka robota jingine na zote zikawa nzima, nafasi ya kudanganyika inashuka chini ya 2 kati ya 10. Na kwa kuwa oda mbili ndogo zilizopishana kwa wiki kadhaa huelekea kutoka marobota tofauti, zina thamani zaidi kuliko oda moja yenye ukubwa wa zote mbili.

Zaidi ya hayo, oda ya kwanza uliichagua wewe mwenyewe ukiwa dukani, ukakunjua, ukakataa usizozipenda. Ilipima jicho lako kuliko ilivyompima muuzaji. Oda ya pili inapaswa kufanywa kwa simu, ukiwa mkoani, kwa idadi ile ile au zaidi kidogo, ukitaja maua na rangi kwa picha. Hapo ndipo utaona kama amefunga ulichoagiza au amekuwekea "yanayofanana", kama idadi imetimia, kama mzigo umefika ofisi ya basi siku aliyosema, na kama risiti imo ndani. Katika oda hiyo, pisi yenye kasoro ikijitokeza, idai ibadilishwe. Jinsi anavyopokea dai la pisi moja ndivyo utakavyojua atakavyopokea la kumi. Masharti ya kubadilisha yakubaliwe kabla ya kulipa, na yaandikwe hata kwenye ujumbe wa simu, maana "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" hutundikwa ukutani na hutajwa baada ya fedha kutoka.

Kipande ulichokata kwa majaribio usikitupe. Kibandike kwenye daftari pamoja na tarehe, jina la duka lililoandikwa kwenye risiti, bei, na maandishi yaliyochapwa kwenye ukingo wa kitambaa kama yapo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, inatambua mauzo kwa sampuli na kutaka mzigo ulingane nayo kwa ubora, lakini wachache watafika mahakamani kwa ajili ya pisi sita. Faida halisi ya daftari ni kwamba ukitandaza kipande cha zamani juu ya kitenge kipya mbele ya muuzaji, mjadala unakuwa mfupi.

Dhana: Baada ya oda tatu, kukagua ni kumdharau mtu mliyezoeana naye.

Muuzaji mwaminifu naye hupokea robota baya kutoka kwa mwagizaji, na mara nyingi hajalifungua kabla ya kulituma. Kwa mteja wa kudumu inatosha kupima urefu wa pisi tano na kuchoma uzi wa kila ua jipya, kazi isiyofika saa moja. Kuhusu fedha, panda ngazi: kutoka 276,000 nenda kwenye laki tano au sita, si milioni mbili, na tuma malipo ya awali kwanza, salio likifuata baada ya kuona picha ya mzigo ukiwa umefungwa na namba ya kifurushi kutoka ofisi ya basi. Muuzaji anayekushinikiza ulipe zote leo kwa sababu "kontena linaisha" mpe jibu moja, kwamba utachukua dazani moja kwa bei aliyoitaja.