Kusawazisha uchakavu wa flashi: jinsi setingi za data loga zinavyodumu miaka bila kuua chipu

Watu wengi wakisikia kusawazisha uchakavu wanafikiria diski za SSD na memori kadi, wakati hata kichipu kidogo cha shilingi chache ndani ya data loga, yaani kifaa kinachopima na kurekodi chenyewe, kinahitaji kitu hichohicho, na huko ndo mara nyingi hakipo kabisa. Maana yake kwa kifupi: badala ya kuhifadhi setingi sehemu ileile moja kila mara, unazizungusha kwenye nafasi nyingi ndani ya peji kadhaa za flashi, ile memori inayotunza data hata umeme ukikatika, ili kazi ya kufuta na kuandika igawanyike na isiwepo peji moja inayobeba mzigo wote mpaka ife.

Ili hili lieleweke lazima ujue tabia ya flashi. Peji iliyofutwa biti zake zote ni 1, yaani ukiisoma unaona 0xFF kila baiti. Kuandika ni kugeuza baadhi ya hizo 1 ziwe 0, na hapo ndo mwisho wa uwezo wake, huwezi kurudisha 0 moja iwe 1 peke yake, ukitaka hivo unafuta peji nzima. Kinachochosha flashi hasa ni huko kufuta. Tuchukue kichipu cha STM32F103C8 kwa sababu imejaa kwenye loga za kujitengenezea: ina flashi ya 64 KB iliyogawanywa peji za 1 KB, na mtengenezaji anahakikisha kila peji itavumilia kufutwa na kuandikwa mara 10,000. Inaweza kuzidi hapo, lakini baada ya hapo hakuna anayekuahidi chochote.

Sasa tuseme una loga ya kupima kina cha maji kisimani, inachukua kipimo kila dakika 10, vipimo vyenyewe vinaenda kwenye chipu ya memori ya nje, na ndani ya STM32 unahifadhi setingi pamoja na pointa inayosema kipimo kilichopita kiliishia wapi, ili umeme ukikatika loga ijue pa kuendelea. Hiyo ni mara 144 kwa siku. Kodi ya programu ya haraka haraka ambayo utaikuta kwenye miradi mingi inafuta peji, inaandika setingi mwanzoni mwa peji, basi. Gawanya 10,000 kwa 144 unapata siku 69. Miezi miwili na kidogo tu peji imeshamaliza maisha yake ya kuahidiwa, halafu ubaya wake haizimi ghafla, siku moja biti mbili tatu zinakataa kufutika, loga ikiwashwa upya inasoma takataka au inarudi kwenye setingi za kiwandani, na mwenye kisima anabadilisha betri wee akidhani betri ndo mbovu.

Njia sahihi ni kama daftari la mkopo la dukani, hufuti mstari wa jana, unaandika mstari mpya chini yake, na mstari wa mwisho ndo ukweli wa sasa. Kwa loga yetu rekodi moja inatosha baiti 16: baiti 4 za namba ya mfululizo inayoongezeka kila ukihifadhi, 4 za pointa, 2 za muda kati ya vipimo, 2 za marekebisho ya sensa, 2 za akiba, na 2 za CRC ya kukagua kama rekodi ni nzima. Peji ya baiti 1024 inabeba rekodi 64 za namna hiyo. Ukitumia peji mbili una nafasi 128, na kila peji inafutwa mara moja tu kwa kila hifadhi 128. Kwa hiyo 128 mara 10,000 ni hifadhi 1,280,000, gawa kwa 144 za siku, unapata siku 8,888, yaani miaka 24. Chipu ni ileile, hujaongeza hata senti. Ukitaka kuhifadhi kila dakika badala ya kila dakika 10 hiyo miaka 24 inashuka kuwa miwili na nusu hivi, hapo unaongeza peji, nane zinakufikisha karibu miaka 10.

Loga ikiwaka inapitia nafasi zote 128, inazitupa ambazo CRC haikubali, na kati ya zilizobaki inachukua yenye namba ya mfululizo kubwa kuliko zote. Kusoma nafasi 128 ni kazi ya kufumba na kufumbua, usihangaike kuharakisha.

Hapa kuna mtego ambao unauma taratibu. Mtu anaona baiti 4 za namba ya mfululizo ni nyingi, anaweka 2 ili kubana nafasi. Namba ya biti 16 inaishia 65,535 kisha inarudi 0, na kwa hifadhi 144 kwa siku hiyo inatokea siku ya 455. Loga imefanya kazi mwaka mzima na miezi mitatu bila tatizo, halafu ikiwashwa upya siku hiyo inaona rekodi ya zamani yenye 65,535 ni kubwa kuliko mpya yenye 3, inarudisha pointa nyuma na kuanza kuandika juu ya vipimo vilivyokwisha kuhifadhiwa. Hakuna jaribio la wiki moja mezani litakaloionesha. Ukibaki na biti 32 hutafika mwisho wake maisha yote ya loga, lakini kama lazima utumie 16 basi usilinganishe kwa kuangalia ipi kubwa, toa moja kwa nyingine na uangalie jibu ni chanya au hasi:

```c
int ni_mpya(uint16_t a, uint16_t b) {
    return (int16_t)(uint16_t)(a - b) > 0;
}
```

Inafanya kazi kwa sababu rekodi zilizo hai wakati wowote ni 128 tu, ziko karibu karibu kwenye mfululizo.

Suala la umeme kukatika katikati ndo linalotenganisha kodi nzuri na ya kubahatisha. Kanuni ninayoitetea ni hii: usifute peji uliyotoka, futa ile unayoingia, na uifute pale tu unapotaka kuandika rekodi yake ya kwanza. Peji A ikijaa, rekodi mpya kuliko zote iko nafasi ya mwisho ya A, ndo unafuta B kisha unaandika nafasi ya kwanza ya B. Umeme ukikatika wakati B inafutwa, rekodi yako ya mwisho bado iko salama ndani ya A, na ukiwasha tena unaifuta B upya tangu mwanzo hata kama inaonekana nyeupe, kwa sababu peji iliyofutwa nusu inaweza kusomeka 0xFF leo na kesho ikasomeka vingine. Ukikatika wakati rekodi inaandikwa, CRC haitakubali, loga inarudi rekodi moja nyuma, hasara yako ni dakika 10. Ile nafasi iliyoandikwa nusu iruke, nenda kwenye inayofuata iliyo tupu, usijaribu kuandika juu yake maana STM32F103 inakataa kuandika nusu-neno ambalo halijafutwa (isipokuwa unaandika 0x0000) na inakuwashia alama ya kosa PGERR.

Kitu kingine kinachoharibu hesabu ni kuchanganya vinavyobadilika kila saa na vinavyobadilika mara moja kwa mwaka. Tuseme una jedwali la kalibresheni, jina la kituo, namba ya simu ya kutuma meseji, jumla baiti 400, na unavipakia vyote kwenye rekodi moja na pointa. Peji inabeba rekodi mbili tu, peji mbili zinabeba nne, hifadhi 40,000, siku 277. Ule uzuri wote umepotea. Vitenge: pointa na vidogo vyake kwenye peji zinazozunguka, kalibresheni na jina kwenye peji zake ambazo zitafutwa mara chache sana maishani. Na kabla ya kuandika chochote linganisha na kilichopo, kama hakijabadilika acha. Hata pointa yenyewe jiulize kama unaihitaji, maana ikiwa vipimo kwenye memori ya nje vina namba zao za mfululizo, loga inaweza kutafuta mwisho wake yenyewe ikiwaka, na hapo hujaandika kitu kabisa.

Peji za setingi uziweke mwisho wa flashi na uiambie linka, programu inayopanga kodi yako ndani ya flashi, isizitumie, la sivyo siku firmwea ikikua itazikanyaga. Kwa 64 KB peji mbili za mwisho zinaanza 0x0800F800 na 0x0800FC00, kwa hiyo firmwea ibaki na 62 KB, na ukitenga peji za kalibresheni punguza 1 KB kwa kila moja:

```
FLASH (rx) : ORIGIN = 0x08000000, LENGTH = 62K
```

Halafu ukisasisha firmwea chagua kufuta peji zinazohitajika tu, ukibonyeza kufuta chipu nzima kalibresheni yako imekwenda.

Faida moja ya namba ya mfululizo wengi hawaitumii: inakuambia umri wa flashi. Igawe kwa 128 unapata kila peji imefutwa mara ngapi. Ikisoma 640,000 ujue ni mara 5,000, nusu ya maisha, kwa hiyo itume pamoja na vipimo uione ukiwa ofisini. Baada ya kila kufuta soma peji nzima uhakikishe yote ni 0xFF, na ikibidi kufuta mara mbili ndo iwe safi, hiyo peji inaanza kuchoka. Joto nalo lipo kwenye hesabu: kwa chipu hii ahadi baada ya mizunguko 10,000 ni kutunza data miaka 20 kwenye nyuzi 55, sasa boksi jeusi la plastiki juani siku nzima linaweza kupita hapo, lipake rangi nyeupe au liweke kivulini.

Na hili usilisubiri miaka kulijaribu. Kufuta peji moja kunachukua milisekunde 20 hadi 40, kuandika rekodi ya baiti 16 ni kama nusu milisekunde, kwa hiyo hifadhi zote 1,280,000 zinaisha chini ya nusu saa mezani kwenye chipu uliyokubali kuipoteza. (Kwa hesabu hiyohiyo, kosa la kodi linalofuta peji ndani ya lupu bila kusimama linaimaliza kwa dakika saba, weka kikomo cha mara ngapi kwa siku.) Wakati jaribio linaendelea weka rilei inayokata umeme kwa nyakati za kubahatisha, kila ikiwaka iandike namba ya mfululizo kwenye mlango wa serial, na ukiona imerudi nyuma zaidi ya moja, bado kuna mahali unafuta kabla ya wakati wake.