Kwa nini dola za Brisel zinapungua zikifika Goma?

“Kaka yetu ametuma dola 100 toka Brisel, na simu inaonyesha 100. Kwa nini kabini la pesa za simu linatupa 95 tu?”

Kwa sababu mnanunua noti, na noti zimekuwa adimu. Mimi nami niliamini kwamba kampuni ya kutuma ndiyo inayokata njiani, nikawa namlaumu aliyetuma kwamba amechagua njia mbaya. Haikuwa hivyo. Ada ya kutuma hulipwa kulekule Ulaya, na hakuna noti inayosafiri. Yuro za kaka zinabaki Ubelgiji. Kinachofika ni agizo, na makampuni yanasawazisha hesabu zao baadaye. Noti mnayopokea ilikuwa tayari hapa mjini, ndani ya droo ya mtu.

Mwenye kabini ni kama mtu mwenye madumu mawili. Moja lina noti, lingine lina pesa za simu. Mkitoa pesa, la noti linapungua na la simu linajaa. Ili aendelee kufanya kazi, lazima la noti lijazwe tena, ama na wateja wanaoweka pesa, ama na benki. Pesa za ng'ambo huvuta upande mmoja tu: karibu kila anayetumiwa anataka kutoa.

Goma ilipotekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifungwa na uwanja wa ndege nao ukafungwa. Dumu la noti likabaki bila bomba. Hapo dola ya mkononi ikapita thamani ya dola ya simu. Wengine wakaomba ndugu zao watume Gisenyi, upande wa Rwanda, wakavuka mpaka na kitambulisho ili wachukue huko.

Namna ya kutambua ni kusoma ujumbe wa simu. Ada ya mtandao imeandikwa humo. Kinachoombwa juu yake ni bei ya noti, na hubadilika kabini kwa kabini, hata asubuhi na jioni.

Basi mama mwenye 100 afanye nini? Tuseme ada ya shule ni 40, mchele na mafuta 35. Akilipa hizo kwa simu, anatoa 25 tu za makala ya kupikia na samaki wa sambaza. Kwa kiwango kilekile cha 5 kwa 100, anakatwa dola 1 na senti 25. Ila aulize dukani bei mbili, ya noti na ya simu, maana duka linaweza kuficha makato ndani ya bei ya mchele.

Anayeweza kumpunguzia zaidi ni mfanyabiashara wa jumla. Huyo anauza unga kwa noti siku nzima, lakini mzigo mpya anaulipia mbali, ambako noti zake hazifiki kirahisi. Yeye anatafuta pesa za simu. Mama anazo, tena zimetoka Brisel, kwa hiyo wawili hao wanabadilishana kwa makato madogo, na unga unaendelea kuingia mtaa wetu wa Birere.