Ndimu na limao: rangi inadanganya

"Si ndimu ni limao changa tu? Likikaa mtini linageuka njano."

Hapana, ni miti miwili tofauti. Ndimu nayo ikiiva kabisa mtini huwa njano, na limao changa ni kijani, kwa hiyo ukichagua kwa rangi pale Kariakoo utakosea.

Chukua mawili ya kijani yenye ukubwa sawa. Pitisha kidole gumba: ganda la ndimu ni laini na limekaza, la limao lina vishimo na mara nyingi vinundu. Ndimu ni ya mviringo, chuchu yake ndogo. Limao limerefuka na chuchu imetokeza. Ukisita, kata katikati. Ganda la ndimu halizidi milimita 2 au 3 hivi, ila limao changa lina nyama nyeupe nene na maji kidogo. Hapo ndipo mnunuzi wa juisi anapopata hasara.

Kwenye mche hakuna tunda, basi tazama kikonyo cha jani. Cha mndimu kina vibawa vyembamba pande zote mbili. Cha mlimao karibu hakina. Angalia majani kadhaa yaliyokomaa, maana moja pekee laweza kukupoteza.