Kwa nini lebo hukataa kukaa kwenye chupa?

Je, wajua kwa nini lebo uliyoiweka juu ya picha ya chupa huonekana kama karatasi inayoelea, hata baada ya kuipinda?

Mara nyingi tunapinda kingo za juu na chini, tukasahau upana. Katikati ya chupa inakutazama uso kwa uso, lakini kuelekea pembeni uso wake unageuka na kukupa ubavu. Herufi za huko hubanwa zikawa nyembamba, ilhali urefu wake haupungui.

Chukua chupa ya asali yenye kipenyo cha sm 7. Nusu ya mzingo wake ni karibu sm 11, na hiyo ndiyo sehemu ya lebo inayoonekana kwa mbele. Igawe vipande sita sawa, kila kimoja kama sm 1.83. Kwenye picha, kipande kinachoanzia katikati kitaonekana na upana wa sm 1.75, kinachofuata sm 1.28, na cha ukingoni sm 0.47 tu. Ndiyo maana jina la asali halifai kufika pembeni: hata kwenye chupa yenyewe halitasomeka.

Kwenye Photoshop, fungua `Edit > Transform > Warp`, kisha ugawe lebo kwa mistari mitano ya wima yenye nafasi sawa. Wa katikati uache. Miwili inayoufuata, mmoja kila upande, isogeze hadi nusu ya njia kutoka katikati kwenda ukingoni mwa chupa; ya nje kabisa iweke kwenye asilimia 87. Wengi hukimbilia `Arc`. Mimi siitumii kwa chupa, maana hutanua lebo kama kipepeo cha mkaa na herufi za pembeni zikalala, wakati kwenye chupa iliyonyooka zinapaswa kusimama wima.

Sasa mkunjo wa kingo. Huo huamuliwa na kamera. Mstari ulio usawa wa kamera huonekana umenyooka. Ulio chini yake hubonyea kama tabasamu, ulio juu hubinuka kama upinde. Kamera ikiiangalia chupa yetu kutoka juu kwa nyuzi 10, katikati ya ukingo hushuka kama sm 0.6 kuliko ncha zake. Picha ikipigwa karibu kutoka juu, ukingo wa chini wa lebo hupinda kuliko wa juu. Kwa hiyo usikisie: tazama mkunjo wa shingo na wa kitako kwenye picha hiyohiyo, wa lebo uwe kati yake.

Mwisho weka lebo kwenye `Multiply` ili vivuli vya chupa vipite. Mng'ao, hata hivyo, hufifia chini ya rangi nzito. Unakili kutoka kwenye picha uuweke juu ya lebo kwa `Screen`.

Bado una shaka? Zungushia chupa karatasi ya hesabu yenye miraba, upige picha ukiwa palepale, kisha ulinganishe miraba na herufi zako.