Tarakimu ya mwisho inayong'aa kupita kiasi

"Kwenye onyesho langu la segimenti saba lenye tarakimu nne, tarakimu ya nne inang'aa kuliko nyingine. Nibadilishe rezista yake?"

Iache rezista, tatizo ni muda. Ndani ya `loop()` tarakimu zinawaka kwa zamu, kila moja milisekunde 2, ila ya nne hubaki inawaka programu inaposoma kihisi. Usomaji ukichukua milisekunde 6, hiyo inawaka 8, mara nne ya nyingine. Ukichukua 30, mzunguko mzima unajirudia kama mara 26 tu kwa sekunde, na macho yanaona kupepesa.

Kazi hii ipe taima iikatize programu kila milisekunde 2: zima tarakimu zote, weka segimenti mpya, ndipo uwashe inayofuata. Kila moja itawaka mara 125 kwa sekunde, kwa muda sawa. Usipozima kwanza, utaona kivuli cha namba ya jirani.