Kukopa kwa dhamana ya amana yako ya muda maalumu: dhana potofu na ukweli wake

Mtu aliyeweka amana ya muda maalumu akipatwa na hitaji la fedha kabla amana haijaiva, huwa na njia mbili: kuivunja amana, au kuiacha ilipo na kukopa kwa kuiweka dhamana. Njia hii ya pili imezungukwa na maelezo yasiyo sahihi, na kwa kuwa kosa dogo la uelewa hapa huonekana moja kwa moja katika hesabu ya mwisho, ni vyema kuyachambua maelezo hayo kwa utulivu.

Dhana: «Ni fedha zangu mwenyewe, kwa hiyo kunitoza riba ni kunidhulumu»

Malalamiko haya yanaeleweka, lakini yameanzia mahali pasipo sahihi. Amana si fedha iliyofungiwa kwenye sanduku lenye jina lako. Siku unapoiweka, fedha yenyewe inakuwa ya benki, nawe unabaki kuwa mdai wake: benki inawajibika kukulipa kiasi hicho pamoja na riba katika tarehe mliyokubaliana. Mkopo unaouchukua baadaye ni deni lingine, lenye mkataba wake, na sasa mdaiwa ni wewe. Madeni haya mawili yanaishi bega kwa bega bila kumezana, ndiyo maana kila moja lina riba yake.

Kwa hiyo gharama halisi ya mkopo huu si ile riba iliyoandikwa kwenye mkataba, bali ni tofauti kati yake na riba ya amana. Tuseme amana inakulipa asilimia 8 kwa mwaka na mkopo unatozwa asilimia 10. Kila 100 uliyokopa inakutoa 10 kwa mwaka, huku 100 ile ile iliyobaki kwenye amana ikikuingizia 8. Unachopoteza ni 2. Hata hivyo, pale ambapo kodi hukatwa kwenye riba ya amana, tofauti hiyo huongezeka. Kodi ikiwa asilimia 10 ya riba, ile 8 inabaki 7.2, na gharama yako inapanda kutoka 2 hadi 2.8. Wakopaji wengi hulinganisha riba kabla ya kodi, kisha wanashangaa mwisho wa mwaka.

Dhana: «Benki ikiweka zuio, amana yangu imekwisha kuwa yao, na riba yake inasimama»

Zuio ni haki ya benki kuishikilia amana mpaka deni linalohusika lilipwe. Halihamishi amana kutoka kwako, wala halisimamishi riba: amana inaendelea kuzaa kwa kiwango kile kile mpaka siku ya kuiva, kana kwamba hakuna mkopo. Kinachositishwa ni uwezo wako wa kuichukua, kuivunja au kuiweka dhamana kwingine.

Kwa vitendo, mambo huenda hivi. Unasaini mkataba wa mkopo, na pamoja nao waraka unaoiweka amana dhamana na kuiruhusu benki ilifidie deni kutoka kwenye amana hiyo endapo hutalipa. Kama ulipewa hati ya amana ya karatasi, kwa kawaida huirudisha benki ikiwa imesainiwa. Kisha ofisa anaweka alama ya zuio kwenye akaunti ya amana katika mfumo wa benki, na kuanzia hapo mfumo unakataa muamala wowote wa kutoa. Kama amana ina wamiliki wawili, wote wanapaswa kusaini, hata kama mkopo ni wa mmoja wao.

Yapo maneno mawili katika waraka huo ambayo ningemsihi kila mkopaji ayasome mara mbili. La kwanza ni kiasi kinachozuiwa. Mtu anaweza kukopa sehemu ya nne tu ya amana yake na bado amana yote ikazuiwa, kwa sababu hati moja ya amana mara nyingi haigawanyiki. Anayehisi kwamba huenda akakopa siku za usoni hufanya vizuri kuigawa fedha yake katika amana mbili au tatu tangu mwanzo, ili zuio liishike moja na nyingine zibaki huru. La pili ni aina ya deni linalolindwa. Waraka ukisema zuio ni kwa ajili ya «madeni yote ya mteja, ya sasa na ya baadaye», basi kumaliza mkopo huu pekee hakutoshi kuifungua amana ikiwa una deni la kadi, au umemdhamini mtu mwingine katika benki hiyo hiyo. Ukiona maneno hayo, omba zuio lihusu mkopo mmoja tu, uliotajwa kwa namba yake.

Dhana: «Riba ni ndogo kwa sababu benki inamtunza mteja mwaminifu»

Uaminifu wako hauna nafasi kubwa katika hesabu hii. Riba ya mkopo wa kawaida usio na dhamana imebeba ndani yake fidia ya wakopaji ambao hawatalipa: wanaolipa wanachangia hasara ya wasiolipa. Katika mkopo wa dhamana ya amana, sehemu hiyo karibu inatoweka. Benki haihitaji kukisia kama utalipa, kwa maana kitakachoilipa tayari kimo mikononi mwake, ni fedha taslimu, na thamani yake inajulikana hadi senti ya mwisho. Nyumba inahitaji mthamini, usajili wa rehani, bima na, mambo yakiharibika, mnada unaoweza kuchukua miaka. Amana inahitaji maandishi mawili katika vitabu vya benki.

Ipo pia sababu ambayo mteja haioni. Kanuni za kimataifa za usimamizi wa mabenki, zinazojulikana kwa jina la Basel, zinaitaka benki itenge mtaji wake yenyewe kulingana na hatari ya kila mkopo. Sehemu ya mkopo iliyolindwa na fedha taslimu iliyowekwa katika benki hiyo hiyo, kwa sarafu ile ile, inaweza kuhesabiwa kuwa na uzito wa hatari wa asilimia sifuri, yaani hailazimu kutengewa mtaji kwa hatari hiyo. Mtaji ni fedha ghali, na mkopo usioufunga unaweza kuuzwa kwa bei nafuu bila benki kupata hasara.

Hayo ndiyo yanayoeleza pia kwa nini riba hii kwa kawaida hupangwa kwa kuongeza pointi chache juu ya riba ya amana yenyewe. Amana inayolipa zaidi itazaa mkopo wenye riba kubwa zaidi, kwa sababu benki inaanza kuhesabu kutoka kwenye kile inachokulipa wewe. Lakini chunga namna riba inavyohesabiwa. Asilimia 10 inayotozwa kwenye salio linalopungua ni 10 kweli. Asilimia 10 inayotozwa kwenye kiasi cha awali mpaka mwisho, huku ukilipa kwa mafungu 12 ya kila mwezi yaliyo sawa, inakaribia 18.

Dhana: «Kukopa ni bora kuliko kuvunja amana, siku zote»

Hapa ndipo ushauri wa jumla unapowapoteza watu wengi. Chukua amana ya 10,000,000 ya miezi 12 kwa asilimia 8, ambayo ikiiva italeta riba ya 800,000. Miezi 7 imepita na mwenye amana anahitaji 4,000,000, atakazoweza kuzirudisha kwa mkupuo siku amana itakapoiva.

Akikopa kwa asilimia 10 kwa miezi 5 iliyobaki, riba ya mkopo ni takriban 166,700. Amana inampa 800,000 kamili, hivyo anabaki na 633,300. Akivunja, tuseme benki inamlipa asilimia 5 tu kwa miezi 7 iliyopita, kwa sababu inatumia kiwango cha muda mfupi na kukata adhabu. Hiyo ni takriban 291,700. Zile 6,000,000 zilizobaki akiziweka upya kwa miezi 5 kwa asilimia 5, anapata 125,000. Jumla ni 416,700. Kukopa kumemwokolea zaidi ya 216,000.

Sasa badilisha mambo mawili tu. Umepita mwezi 1, na hitaji ni 9,000,000. Riba ya mkopo kwa miezi 11 ni 825,000, ilhali amana yote inaleta 800,000. Anatoka na hasara ya 25,000. Akivunja na benki isimpe riba yoyote kwa mwezi huo mmoja, kisha akaweka upya 1,000,000 kwa miezi 11 kwa asilimia 7, anapata takriban 64,000. Kuvunja kumemfaa kwa karibu 89,000. Kilichogeuza matokeo ni kwamba safari hii hapakuwa na riba kubwa iliyokwisha kulimbikizwa ya kuokoa, na tofauti ya riba ililipwa juu ya kiasi kikubwa kwa muda mrefu. Kwa hiyo maswali ya kumuuliza ofisa ni mawili: nikivunja leo nitalipwa kiasi gani hasa, na nikikopa nitakuwa nimelipa kiasi gani mpaka tarehe ya kuiva?

Dhana: «Mkopo huu hauwezi kuharibika, kwa kuwa amana ipo»

Benki haitoi kawaida asilimia 100 ya amana. Nyingi huishia kati ya 80 na 95. Nafasi iliyobaki imewekwa kwa ajili ya riba, na inaweza kwisha. Mtu aliyekopa 9,000,000 juu ya amana ya 10,000,000, kisha asilipe chochote, atadaiwa 9,900,000 baada ya mwaka mmoja kwa asilimia 10. Kama riba ya amana inabaki ndani, amana nayo imefika 10,800,000 na nafasi bado ipo. Lakini kama alichagua kulipwa riba ya amana kila mwezi na kuitumia, amana imebaki 10,000,000 na nafasi imekuwa 100,000 tu. Benki haitasubiri iishe: itatoa taarifa, kisha itaivunja amana na kujifidia, na ikiivunja kabla ya kuiva mteja anabeba adhabu ya kuvunja pamoja na riba ya deni. Pale ambapo mikopo huripotiwa kwa taasisi za taarifa za mikopo, malipo yaliyochelewa huonekana humo hata kama benki haikupoteza kitu.

Deni likiisha, zuio si lazima liondoke lenyewe siku ile ile. Omba barua inayothibitisha kwamba limeondolewa, urudishiwe hati yako kama uliikabidhi, na uangalie kwenye taarifa ya akaunti kwamba salio linaloweza kutumika sasa linalingana na salio lote. Lifanye hili kabla ya tarehe ya kuiva, kwa sababu zuio lililosahaulika linaweza kuizuia amana isilipwe siku unayoihitaji.